Deni la Kilabuni Alipe Nani?

Baba amelewa jana, leo hawezi kwenda kazini. Mama anamwambia msimamizi kuwa mumewe ana malaria, kisha analipa deni lake la kilabuni. Kwa huruma hiyo, mnywaji haoni hasara ya pombe.

Mama, linda chakula na ada ya watoto, lakini deni na udhuru mwachie mwenyewe. Usimgombeze akiwa amelewa. Pombe ikishamtoka, mwambie mara moja, kwa upole: “Baba Neema, deni lako sitalipa tena. Ukitaka kutibiwa, nitakusindikiza.” Kisha shika neno lako.

Angalizo: anayelewa kila siku asiachishwe ghafla bila mganga. Akitetemeka sana, akiweweseka au akianguka kifafa, mpelekeni hospitali upesi.