Mkato Mmoja, Maana Mbili: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Namba kwenye Slaidi

Slaidi zangu nyingi ni za vikao vya umeme, vile ambavyo Watanzania, Wanyarwanda, Warundi na Wakongo hukaa meza moja na kuzungumza Kiswahili. Lugha wanaelewana, ila namba hawakufundishwa kuziandika namna moja. Yafuatayo nimejifunza kwa kuandaa slaidi za vikao hivyo na kutazama jinsi watu wanavyozisoma.

1. Ogopa tarakimu tatu baada ya alama

Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa Rusumo, kwenye Mto Kagera mpakani mwa Tanzania na Rwanda, una uwezo wa megawati 80, na umeme wake hugawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Gawanya 80 kwa tatu. Mtanzania ataandika 26.667. Mhandisi aliyesomea Bujumbura au Lubumbashi ataandika 26,667, kwa sababu katika utaratibu wa Kifaransa mkato ndio unaotenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi au kwa nukta.

Sasa chukua slaidi iliyoandaliwa na watu wawili, kila mmoja akachangia mstari wake: bwawa la Nyerere “2,115 MW”, fungu la Burundi kutoka Rusumo “26,667 MW”. Kila mstari ni sahihi kwa aliyeuandika. Lakini Mtanzania akiisoma slaidi yote kwa macho yake, fungu la Burundi linakuwa zaidi ya mara kumi na mbili ya bwawa la Nyerere. Mrundi naye akiisoma kwa macho yake, bwawa la Nyerere linabaki megawati mbili na kitu, kiasi cha mtambo mdogo wa kijijini. Ukaguzi wa tahajia hauoni tatizo lolote hapo.

Kwa mitambo inayojulikana, wataalamu watajisahihisha kimoyomoyo. Shida ni namba ambayo hakuna anayeijua kabla ya kikao, kama vile umeme unaopotea njiani kwenye msongo fulani. Hiyo haina kitu cha kuiokoa.

Utata wenyewe una chanzo chembamba sana. Makundi ya maelfu huwa na tarakimu tatu daima, kwa hiyo ni desimali ya tarakimu tatu pekee inayoweza kudhaniwa kuwa maelfu. “26,7” haiwezi kuwa maelfu kwa msomaji yeyote, wala “26.67” haiwezi. Tangu nilipolielewa hili, sionyeshi desimali tatu kwenye slaidi. Fungu la Rusumo naliandika 26.7 MW. Lakini hapo ujue kwamba 26.7 mara tatu ni 80.1, na kuna mtu atakayejumlisha akiwa amekaa nyuma kabisa. Chini ya jedwali naandika: “Mafungu yamekadiriwa hadi desimali moja, jumla ni 80 MW.”

Bei wakati mwingine hazikubali kukatwa hivyo. Uniti moja ikiuzwa dola 0.125, sifuri ya mbele ndiyo inayoilinda, kwa kuwa hakuna anayeanza maelfu kwa sifuri. Hata hivyo napendelea kuandika senti 12.5, inasomeka haraka zaidi.

2. Nafasi ndiyo isiyo na upande

Kikao kikiwa cha Watanzania, Wakenya na Waganda tu, natumia mkato kwa maelfu na nukta kwa desimali, bila kufikiri zaidi. Wakiwemo wa Burundi na Kongo, maelfu nayatenga kwa nafasi: 2 115 MW, 45 600 000. Rwanda ina watu wa aina zote mbili. Shule zake zilihamia Kiingereza kuanzia mwaka 2008, hivyo bosi na kijana wake wa ofisini huenda wakasoma mkato uleule tofauti.

Wala si mbinu niliyoibuni. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, ulioundwa na Mkataba wa Mita wa 1875, uliamua mwaka 1948 na kurudia mwaka 2003 kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, lakini makundi ya tarakimu tatu yatengwe kwa nafasi tupu, isiwekwe nukta wala mkato. Desimali basi hubaki kuwa chaguo lako. Mimi nabaki na nukta, na kwenye slaidi ya kwanza yenye namba naweka mstari mdogo: “Nukta ni alama ya desimali.”

Nafasi ina udhaifu wake. Ukibonyeza nafasi ya kawaida, namba inaweza kukatika mwishoni mwa mstari, “45” ikabaki juu na “600 000” ikashuka chini. Tumia nafasi isiyokatika: kwenye Windows, shikilia `Alt` huku ukiandika `0160` kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia. Nafasi hiyohiyo inafaa kati ya “milioni” na namba yake. Miaka usiitenge, “2 003” hakuna atakayeona kuwa ni mwaka.

3. Maandishi hutulia, chati hubadilika

Hili ndilo nililochelewa kuliona, na ndilo ninalowaambia wenzangu kwanza. Namba uliyoiandika kwa mkono kwenye kisanduku cha maandishi itabaki ilivyo kwenye kompyuta yoyote. Chati ya PowerPoint haiko hivyo. Ndani ya faili, chati imehifadhi thamani na mpangilio tu, na alama zenyewe inaziomba kwa kompyuta inayolifungua faili wakati huo. Slaidi iliyoandaliwa Dodoma ikifunguliwa kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Kifaransa, kichwa cha slaidi kitasema “26.7” na lebo ya chati iliyo chini yake itasema “26,7”. Hakuna aliyegusa kitu.

Ukitaka kuliona kabla ya safari, fungua `Region` kwenye Windows, kisha `Additional settings`, ubadilishanishe alama za `Decimal symbol` na `Digit grouping symbol`, halafu fungua slaidi zako upya. Kila namba itakayobadilika ni ya chati, na kila itakayobaki ni ya maandishi. Ukimaliza rudisha mipangilio yako, maana Excel nayo itakuwa imebadilika.

Excel ina sehemu ya kuacha kufuata alama za kompyuta, `Use system separators`, lakini inafanya kazi ndani ya Excel tu, na kwenye kompyuta hiyo tu. Dawa ninayoiamini ni kupeleka faili la PDF kwenye projekta, na faili la PowerPoint likabaki la kuhariri. Wanaotumia Google Slides wachunguze `Locale` ya lahajedwali iliyozaa chati, kwa sababu chati hufuata hiyo.

4. Milioni hutangulia, na mashine inaweza kufundishwa

Kwa Kiswahili tunasema milioni 5, bilioni 45.6. Slaidi nyingi zinaonyesha “45.6B” kwa sababu chati ilitoka hivyo kwenye kiolezo. Msomaji analazimika kuigeuza kichwani kabla ya kuisema. Excel haina kizuizi chochote cha kuweka neno mbele. Kwenye sehemu ya mpangilio wa namba wa lebo, `Format Data Labels`, kisha `Number`, ondoa alama ya `Linked to source` na uandike:

```
"TZS bil. "#,##0.0,,,
```

Kila mkato wa mwisho unagawanya kwa elfu moja. Mikato mitatu ni bilioni, miwili ni milioni. Seli yenye 45,600,000,000 itaonekana “TZS bil. 45.6”, na thamani kamili inabaki ndani yake. Kama kompyuta unayoandikia ina mipangilio ya Kifaransa, msimbo huu lazima uuandike kwa alama za kompyuta hiyo, vinginevyo utakataliwa au utatoa namba usizozitarajia.

Kwa kikao chenye wasomi wa Kifaransa ninaongeza tahadhari moja. Kwa Kifaransa neno linalofanana na bilioni yetu lina maana ya milioni mara milioni, yaani trilioni yetu. Elfu ya milioni wao huiita miliari. Kwa hiyo mara ya kwanza naandika “bilioni 45.6 (milioni 45 600)”, kisha naendelea na bilioni. Namba kubwa ya bajeti haistahili kuachwa itegemee neno moja.

5. “Sh” ni ya nani?

Tanzania, Kenya na Uganda zote zina shilingi, na thamani zake ziko mbali sana. Faranga nazo ni za Rwanda, Burundi na Kongo. Mbele ya wasikilizaji wa nchi moja, “Sh” inatosha na ndiyo inayopendeza. Zikiwa nchi mbili au zaidi, natumia herufi tatu za kimataifa: TZS, KES, UGX, RWF, BIF, CDF. Faida yake nyingine ni kumaliza ubishi wa mahali pa kuweka alama, kwa kuwa waliosoma Kifaransa huiweka baada ya namba na sisi huiweka kabla. Herufi tatu naziweka kabla ya namba kila mara, na kama safu nzima ni ya fedha moja, nazipandisha kwenye kichwa cha safu zisirudiwe.

“/=” ni nzuri kwenye risiti, ambako inazuia mtu kuongeza tarakimu kwa kalamu. Kwenye slaidi haizuii chochote, na ikifuatana na mkato na nukta inaongeza kelele. Senti pia ziondoke: orodha ya kimataifa ya sarafu haiipi UGX, RWF wala BIF desimali yoyote, kwa hiyo “RWF 1,500.00” inaonyesha usahihi ambao fedha yenyewe haina.

6. Vipimo

Acha nafasi kati ya namba na kipimo: 80 MW. Herufi kubwa na ndogo zina maana. `mW` ni sehemu ya elfu ya wati, na `MW` ni wati milioni moja. Uwezo wa mtambo huandikwa kwa MW, umeme uliozalishwa kwa mwaka huandikwa kwa GWh, na chati moja isiyochagua kati ya hivyo viwili haitengenezeki kwa rangi wala kwa fonti.

Fonti nayo iangaliwe. Georgia, Corbel na Constantia zina tarakimu zinazopanda na kushuka kama herufi ndogo, na kwenye jedwali safu ya namba inaonekana imeyumba. Calibri na Arial hazina tatizo hilo. Panga namba upande wa kulia wa safu, zote ziwe na desimali sawa, ili nukta zikae chini ya nukta.

Kwa asilimia, chagua moja: “asilimia 12.5” kwenye sentensi, “12.5%” kwenye chati na jedwali. “Asilimia 12.5%” naikuta karibu kila rasimu ninayoletewa, na huwa naitafuta kwa `Ctrl+F` kabla ya kusoma kitu kingine.