Mwanamke ametendea kitenzi gani? Uchambuzi wa tangazo moja la tarehe 8 mwezi wa tatu

Mwaka huu kampuni moja ndogo ya akiba na mikopo ya hapa Lubumbashi iliniomba kusahihisha Kiswahili cha tangazo lake la siku ya wanawake. Mkurugenzi aliniambia wazi kwamba hataki maneno ya kuwabembeleza wanawake kama watoto, wala ahadi ya bure. Lakini maandishi aliyonipa yalikuwa haya:

«Mama, wewe ni ua la nyumba na nguzo ya jamaa. Katika siku yako hii, kampuni yetu inakuwezesha kung'ara. Njoo upokee zawadi yako!»

Zawadi yenyewe ilikuwa kitambaa cha kichwa chenye jina la kampuni. Kisarufi hakuna kosa hata moja. Hivyo nilijiuliza: kama sarufi ni safi, kinachoudhi kiko wapi?

Wanaosoma Kifaransa wamezoea kutafuta jinsia katika viambishi vya maneno. Kwetu njia hiyo haifiki mbali. Kiambishi a- katika «anauza» hakisemi kama muuzaji ni mume au mke, na maneno mteja, karani na fundi hayana umbo la kike. Kwa hiyo dharau, ikiwepo, inajificha mahali pengine. Mimi niliitafuta katika vitenzi. Nilichukua kila kitenzi cha tangazo nikauliza mambo mawili: kiima chake ni nani, na kinatenda juu ya kitu gani?

Sentensi ya kwanza haina tendo. Ina kishirikishi «ni» tu: mwanamke ni ua, ni nguzo. Ua na nguzo ni vitu vinavyokaa mahali vilipowekwa. Neno «mama» peke yake halina ubaya. Kwetu ni heshima, na anayelikwepa ataonekana hana adabu. Uzito uko katika kile kinachomfuata mama.

Sentensi ya pili ina tendo, lakini kiima ni kampuni. «Kuwezesha» ni kauli ya kutendesha ya «kuweza»: kampuni inafanya, mwanamke anafanywa aweze. Maana yake ni kwamba hapo mbele hakuweza. Na akishawezeshwa, anafanya nini? Anang'ara. Katika sentensi ya tatu anakuja na kupokea. Basi, hivyo ndivyo vitenzi vyote alivyopewa: kung'ara, kuja, kupokea. Katika tangazo la kampuni ya akiba na mikopo, linalomwambia mtu anayehesabu feza kila jioni, hakuna feza, hakuna akiba, hakuna mkopo.

Nilipeleka maandishi hayo kwa mama mmoja anayeuza unga wa mahindi katika soko la Kenya, ambaye ndiye anatunza feza za likelemba ya wenzake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: «Mwanangu, na ile karatasi ya saini ya bwana, wameitosha?» (Msomaji wa pwani asipotee: kwetu hapa «kutosha» ni kuondoa.)

Sikujua habari ya karatasi hiyo. Nilirudi kwenye kampuni nikaomba fomu ya kufungua akaunti. Chini kabisa kulikuwa na mstari: «Saini ya mume, kwa mwanamke aliyeolewa.» Mstari wa saini ya mke, kwa mwanaume aliyeoa, haukuwepo.

Mstari ule una historia yake. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke mwenye ndoa apate ruhusa ya mume wake kwa matendo ya kisheria yanayomfunga. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa ruhusa hiyo na kuweka mapatano ya pande mbili: mume na mke wanapaswa kupatana juu ya matendo ya kisheria wanayojifunga nayo. Angalia kitenzi. «Kuruhusu» kina mwenye kuruhusu na mwenye kuruhusiwa. «Kupatana» kina kiambishi -an- cha kutendana, na hapo wote wawili ni kiima. Fomu ya kampuni ilikuwa bado inasema sarufi ya 1987.

Mkurugenzi hakubisha. Alisema fomu ilinakiliwa kutoka kwa nyingine ya zamani na hakuna aliyeisoma tena. Tulikubaliana kwamba fomu ibadilike kwanza, tangazo lifuate. Kitambaa kiliachwa. Haya ndiyo maandishi yaliyotoka:

«Mama, tumeondoa saini ya mume katika fomu yetu. Kuanzia leo, tarehe 8 mwezi wa tatu, mwanamke aliyeolewa anafungua akaunti ya akiba kwa kadi yake ya mpiga kura na saini yake mwenyewe. Analipa franka 5 000 mara moja. Anaweka na kutoa feza zake bila kuuliza mtu. Kwa mkopo, tunaomba mapatano ya wenzi wawili, akiomba mke au akiomba mume. Ni hivyo kila siku ya mwaka.»

Sasa rudia maswali mawili yale. Mwanamke anafungua, analipa, anaweka, anatoa, na kila kitenzi kina kitu chake: akaunti, franka, feza. Kampuni nayo imebaki kiima mahali pawili panapoihusu hasa. Mkurugenzi alipendelea «saini imeondolewa». Nilikataa kauli ya kutendwa, kwa sababu inaficha aliyeiweka na aliyeiondoa, kana kwamba mstari ulijifuta. «Tumeondoa» inakiri kwamba ulikuwa wetu. Kwa hiyo kanuni yangu si kumfanya mwanamke kiima kila mara. Kila mmoja awe kiima cha tendo atakaloulizwa.

Neno moja lilinishinda. «Aliyeolewa» ni kauli ya kutendwa: mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Nilijaribu «kila mwenye ndoa anafungua akaunti kwa saini yake», maneno yasiyombagua mtu. Mama wa unga akaniambia kwamba angesikia hayo na kupita, kwa maana asingejua kwamba ni yeye anayesemwa. Wanaume hawakuombwa saini ya mtu tangu zamani. Mlango uliofunguka ulikuwa wa wanawake, na ilibidi utajwe kwa jina lake la kawaida, hata kama umbo la jina hilo lina deni lake.

Uchambuzi wa vitenzi una mpaka. Unaonyesha tangazo tupu, maana ukitafuta kitu cha kitenzi hukipati. Lakini hauwezi kuonyesha tangazo la uongo, ambalo vitenzi vyake vyote vimejaa. Kwa hilo kuna njia moja: kwenda dirishani. Tarehe 9, siku ambayo vikwembe vya sherehe vimeanikwa kwenye kamba, nilimsindikiza mama wa unga. Karani alichukua kadi yake, akaandika, kisha kwa mazoea akanyoosha kidole chini ya karatasi na kuuliza: «Na bwana?» Mstari haukuwepo. Akaangalia mara mbili, akacheka kidogo, akageuza fomu. Mama akatia saini yake.

Fomu ilikuwa imebadilika. Swali la karani bado, na hilo halikuandikwa popote ambapo ningeweza kulisahihisha. Nilimweleza mkurugenzi siku ile ile.