Maumivu ya Misuli Baada ya Jembe la Kwanza: Chakula, Vidonge au Mapumziko?

Katika kata ya Isansa, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe, kahawa huchumwa wakati wa kiangazi. Mvua za kwanza zinaponyesha, kwa kawaida mwezi Novemba, watu hurudia jembe ili mahindi na maharage yapandwe mapema. Wenye ng'ombe wa kulimia hupata nafuu. Wasio nao hulima kwa mikono. Mwili ambao kwa miezi kadhaa haujainama juu ya jembe hudaiwa kazi nzima kwa siku moja, nao hujibu kwa maumivu ya mgongo, mapaja na mikono. Swali linaloulizwa mara nyingi kwenye duka la dawa ni moja: ninywe nini ili kesho nirudi shambani?

Kwanza yafaa kujua kinachouma. Wengi wameambiwa kwamba maumivu haya ni asidi ya laktiki iliyoganda katika misuli. Sivyo. Asidi hiyo huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya kazi, ilhali maumivu tunayoyazungumzia huanza saa nyingi baadaye, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha huisha yenyewe katika siku tano hadi saba. Mwaka 1902 mwanafiziolojia wa Marekani, Theodore Hough, alikwisha kueleza kwamba chanzo chake ni michaniko midogo ndani ya msuli wenyewe. Michaniko hiyo hutokea zaidi pale msuli unapovutwa na kurefuka huku ukibeba mzigo. Mkulima anapoinama na jembe, misuli ya mgongo na ya nyuma ya mapaja hurefuka huku ikiuzuia mwili usianguke mbele. Anaposhuka mteremko na debe la maji kichwani, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi hiyohiyo ya kufunga breki. Ndiyo maana kushuka huumiza kesho yake kuliko kupanda, ingawa kupanda ndiko kunakokata pumzi.

Baada ya michaniko, mwili hupeleka majimaji na chembechembe nyeupe za damu mahali palipojeruhiwa. Msuli huvimba kidogo, hukakamaa na kuuma unapoguswa. Uvimbe huu una kazi: chembechembe hizo huondoa mabaki ya nyuzi zilizoharibika na kuita nyingine za kujenga upya. Kwa hiyo kuuzima uvimbe wote si lazima kuwe faida, hata kama kuna dawa ya kuuzima.

Hapa ndipo vidonge vinapohitaji kutazamwa kwa makini. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa kiasi, lakini msuli uliopoteza nguvu haurudishiwi nguvu na kidonge. Nguvu inaweza kubaki pungufu kwa siku kadhaa hata maumivu yakiwa yamepungua. Mtu aliyemeza kidonge alfajiri huamini amepona, hulima kama siku ya kwanza, na kuongeza jeraha juu ya jeraha. Tena dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mtu anayetoka jasho juani bila kunywa maji ya kutosha tayari ana upungufu huo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au ujauzito asizitumie bila ushauri wa mtaalamu, na mtu yeyote asizichanganye mbili pamoja. Kufanya hivyo huongeza madhara bila kuongeza tiba. Anayehitaji kulala usiku anaweza kutumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, bila kuzidi vinane katika saa 24.

Je, chakula? Tangawizi ina ushahidi kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jojia, Marekani, waliwapa watu gramu 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11, yaani takriban kijiko kimoja cha chai cha unga wake, kisha wakawachosha misuli ya mkono kwa makusudi. Maumivu ya siku iliyofuata yalipungua kwa karibu robo yakilinganishwa na ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Angalia kwamba watu hao walianza kuitumia siku kadhaa kabla ya kazi. Chai ya tangawizi inayonywewa baada ya kuumia ni kinywaji kizuri, lakini siyo kilichopimwa pale.

Virutubisho vya kuzuia uharibifu wa chembehai, kama vitamini C na E, havikufua dafu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya tafiti 50, yalionyesha upunguaji wa maumivu mdogo mno kiasi kwamba mtu asingeuhisi. Protini ni jambo jingine: hujenga msuli upya, lakini haiondoi maumivu ya kesho. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 15, na yai moja gramu 6. Mwenye sahani ya ugali na maharage mchana na jioni hana sababu ya kununua unga wa kopo.

Tiba nyingi husifiwa kwa sababu ya kalenda tu. Maumivu yakifikia kilele siku ya pili na kuanza kushuka siku ya tatu, chochote kitakachotumiwa siku hiyo ya tatu, kiwe kidonge, dawa ya kuchua au supu, kitapewa sifa ya kuponya.

Mapumziko nayo yana mpaka. Kulala usiku wa kutosha kunafaa, lakini kukaa kitandani mchana kutwa huongeza ukakamavu. Kutembea au kazi nyepesi huleta nafuu ya muda. Kunyoosha viungo hakusaidii kama inavyodhaniwa: mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2011, yalipata tofauti ya takriban alama moja tu katika kipimo cha alama 100.

Kinachoshinda vyote ni mazoea ya msuli. Msuli uliowahi kuumizwa kidogo kwa kazi fulani hujikinga dhidi ya kazi hiyohiyo kwa wiki kadhaa, na kinga hiyo huweza kuanzishwa hata na kazi isiyoumiza sana. Tumchukue mkulima wa mfano mwenye miaka 40, ambaye kipande chake cha kawaida ni saa sita za jembe. Wiki mbili kabla ya mvua, apalilie kahawa kwa jembe kwa dakika 30, aache siku mbili au tatu, kisha arudie kwa saa moja. Mvua zikianza, siku ya kwanza alime saa mbili, ya pili afanye kazi nyingine, ya tatu saa tatu, na aendelee hivyo hadi kipande kizima katika wiki ya pili. Kipimo cha kuongeza ni rahisi: asubuhi aketi kwenye kigoda na kuinuka bila kushika magoti. Asipoweza, siku hiyo asiongeze. Ugumu uko kwa kibarua anayelipwa kwa kipande, kwa kuwa siku fupi humpunguzia ujira. Kwake palizi ya awali katika shamba lake mwenyewe ndiyo yenye thamani zaidi.

Maumivu mengine hayangojewi. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawa, misuli ikavimba sana na kulegea, huenda nyuzi nyingi zimevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo apimwe na kuongezewa maji. Paja moja likiuma na kuwa gumu, pamoja na homa, laweza kuwa na usaha ndani ya msuli, ugonjwa unaoonekana zaidi katika nchi za joto na unaohitaji kukamuliwa na antibiotiki. Uchovu wa jembe huuma pande zote mbili za mwili na hauleti homa. Penye homa, malaria ipimwe kabla ya kulaumu shamba.