Mafunzo Niliyopata: Kumshusha Mtu Cheo Badala ya Kumfukuza

Nilishughulikia maslahi ya wafanyakazi katika shirika moja la maji hapa Wajir. Msimamizi wa ghala alipoteza dizeli ya jenereta za visima: daftari na mapipa havikulingana. Wizi haukuthibitika, uzembe ulithibitika. Wakubwa wakasema ashushwe awe karani.

1. Kusikilizwa kwanza, adhabu baadaye. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, kabla ya kufutwa. Tukafuata hayo hayo. Barua ya kumtaka ajieleze ilitaja tarehe na lita zilizokosekana, na kikao kikaendeshwa kwa Kisomali, kumbukumbu zikaandikwa na kusomwa kwake. Mwajiri anayetishia "tia sahihi au nenda" kabla ya kikao hashushi cheo, anashinikiza.

2. Mshahara haupunguzwi kwa amri. Kifungu cha 10(5) kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba na amjulishe kwa maandishi. Kwa hiyo barua yetu ilikuwa pendekezo. Ilitaja cheo kipya na atakayemsimamia, kazi zinazoondoka (funguo za ghala na kuidhinisha utoaji wa mafuta), mshahara kutoka shilingi 60,000 hadi 45,000, na tarehe ya kuanza, ambayo ilikuwa mwezi uliofuata, kamwe si uliopita. Ilisema pia kama anaweza kupanda tena, na kwa masharti gani.

Hapo ndipo mkopo wake wa sakosi ulipojitokeza. Kifungu cha 19 kinakataza makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kwa 60,000 kikomo ni 40,000, kwa 45,000 ni 30,000. Makato yake, hata kodi ilipopungua, yangefika 31,500. Ilibidi sakosi ikubali kurefusha mkopo kabla ya barua kutiwa sahihi. Nawasihi maofisa wenzangu wapige hesabu hii mapema, maana mtu aliyekubali cheo kidogo hajakubali watoto walale njaa.

3. Apewe muda wa kujibu na nafasi ya kukata rufaa kwa mtu ambaye hakukaa kwenye kikao. Akikataa, mwajiri ana njia mbili tu: amwache na cheo chake, pengine kwa onyo, au arudi kwenye utaratibu wa kuachisha kazi akiwa na sababu anayoweza kuithibitisha. Akimshusha kwa nguvu naye akaondoka, mahakama inaweza kuhesabu kwamba amefukuzwa. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kulitambua hilo katika kesi ya Coca Cola mwaka 2015.

4. Kupokea si kukubali. Barua iwe na sehemu mbili za sahihi. Nawe mfanyakazi ukiletewa yenye sehemu moja tu, andika kwa kalamu "nimepokea, sijakubali", weka tarehe, na usiondoke bila nakala yako.