Swila akikutemea machoni

Swila aliyebanwa kwenye banda la kuku hulenga uso. Sumu ikiingia jichoni huwasha kama pilipili, na kope hujifunga zenyewe. Usifikiche, utachubua konea. Jitenge na nyoka, ulale ubavu, jicho lenye sumu likiwa chini, mtu akufungue kope na kumimina maji safi mfululizo kwa dakika 20 hivi. Maji hakuna? Maziwa yatafaa, maji ya majani, hapana.

Kisha nenda kwenye huduma ya macho siku hiyohiyo, hata maumivu yakipungua. Mhudumu hutia rangi inayoonyesha michubuko, kisha hutoa dawa ya kuzuia maambukizi. Kama hukuumwa, sindano ya kupambana na sumu ya nyoka haihitajiki. Matone ya steroidi yaliyobaki kabatini usiyaguse.