Ciérrala, no la cierres: kuamrisha na kukataza kwa Kihispania

Leo tunaangalia sentensi za kuamrisha na kukataza. Tutabaki na kitu kimoja, mlango (*la puerta*), na kitenzi kimoja, *cerrar*, yaani kufunga. Mwishoni utajaribu vitenzi vingine mwenyewe.

Kwanza tujue tunasema na nani. Rafiki, ndugu au mtoto huitwa *tú*. Mzee, mgeni au mtu tunayemstahi huitwa *usted*. (Lakini *tú* si neno la dharau: Mungu mwenyewe katika sala za Kihispania huitwa *tú*.) Basi rafiki utamwambia *cierra la puerta*, na mzee utamwambia *cierre la puerta*. Tofauti ni irabu moja ya mwisho. Neno *usted* limetokana na *vuestra merced*, namna ya zamani ya kumtaja mtu kwa heshima, ndiyo maana kitenzi chake hufuata nafsi ya tatu, kama vile tungesema "mheshimiwa afunge mlango". Kwa vitenzi vya *-er* na *-ir* irabu hugeuka kinyume: *come* (kula) kwa rafiki, *coma* kwa mzee.

Sasa tukataze. Kwa Kiswahili *funga* hugeuka *usifunge*: hatuongezi *usi-* tu, bali na *-a* ya mwisho inakuwa *-e*. Kihispania hufanya hivyo hivyo kwa *tú*: *cierra*, lakini *no cierres*. Anayesahau kugeuza irabu akasema *no cierra la puerta* hajakataza kitu. Amesema "hafungi mlango", na msikilizaji atauliza ni nani huyo asiyefunga. Kwa *usted* kazi ni ndogo, kwa sababu irabu ilishageuka tangu mwanzo: *cierre*, *no cierre*.

Penye ugumu ni kwenye viwakilishi. Badala ya *la puerta* tuseme *la*, yaani "u-" ya *ufunge*. Sisi tunasema *ufunge* na *usiufunge*, na hiyo "u-" inakaa mbele ya mzizi *-fung-* katika sentensi zote mbili. Kihispania hukihamisha kiwakilishi. Katika kuamrisha hukibandika nyuma ya kitenzi, neno moja: *ciérrala*. Katika kukataza hukirudisha mbele, neno la peke yake, kati ya *no* na kitenzi: *no la cierres*. Kwa mzee: *ciérrela*, *no la cierre*. Ukisikia *no ciérrala*, jua msemaji amelibeba neno zima la kuamrisha akalibandika *no*, na hilo halikubaliki.

Je, ile alama juu ya *é* imetoka wapi, wakati *cierra* haina? Hapa ulimi wa Mswahili unapaswa kuwa macho. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiongeza silabi unahama: *SO-ma*, *so-ME-ni*. Kihispania kikibandika kiwakilishi, mkazo hauhami. *CIE-rra* inabaki *CIE-rra-la*. Sasa mkazo uko silabi ya tatu kutoka mwisho, na kila neno la namna hiyo huandikwa na alama. Bila alama msomaji angesoma *cie-RRA-la*, kama ambavyo sisi tungependa kutamka.

Viwakilishi vikiwa viwili, anayepewa hutangulia na kitu hufuata, mbele au nyuma ya kitenzi. *Da* ni "toa". *Dame* ni "nipe". *Dámelo* ni "nipe hicho". *Dame* haina alama kwa kuwa mkazo wa *DA* bado ni wa pili kutoka mwisho.

Zoezi. Geuza hizi ziwe za kukataza, ukizingatia kama ni *tú* au *usted*:

1. *Ábrela.* (Lifungue, *tú*, tunasema juu ya dirisha, *la ventana*)
2. *Siéntese, padre.* (Keti, padre)
3. *Dámelo.*
4. *Ponlo en la mesa.* (Kiweke mezani, *tú*)

Majibu: *No la abras. No se siente, padre. No me lo des. No lo pongas en la mesa.*

La nne huwashinda wengi. *Pon* ni mojawapo ya vitenzi vinane vinavyofupishwa kwa *tú*: *di, haz, pon, sal, sé, ten, ve, ven*. Ufupisho huo ni wa kuamrisha tu. Kwa kukataza tunaanzia kwenye *pongo*, "naweka": tunaondoa *-o*, tunaweka *-as*, tunapata *pongas*. Kwa *usted* ni *póngalo* na *no lo ponga*.

Mbili za mwisho, safari hii kutoka kukataza kwenda kuamrisha: *no lo escriba* (usiiandike, kwa mzee) na *no me lo digas* (usiniambie hilo, kwa rafiki). Andika kwanza, tamka kwa sauti, ndipo uangalie alama zako: *escríbalo*, *dímelo*.