Mtoto wako ana kopi ngapi za jeni ya alfa? Jinsi ya kuelewa talasemia katika majibu ya damu



Huenda ulipofika hapa Marekani na kumpeleka mtoto kwenye uchunguzi wa kwanza wa afya, daktari alikuambia kwamba damu yake iko chini kidogo. Akakupa dawa ya maji ya madini ya chuma. Mtoto ameinywa, meno yamebadilika rangi, tumbo limefunga, na alipopimwa tena damu iko palepale. Kabla ya kudhani kwamba humlishi vizuri, soma somo hili. Kwa familia nyingi zinazotoka Kongo, Burundi na pwani ya Afrika Mashariki, sababu inaweza kuwa talasemia ya alfa. Hali hii hurithiwa, haiambukizwi, wala haisababishwi na chakula.

Mafundi wanne

Chembe nyekundu za damu hubeba hewa ya oksijeni kwa kutumia himoglobini. Kila himoglobini ya mtu mzima hujengwa kwa nyuzi mbili za alfa na mbili za beta. Maelekezo ya kutengeneza alfa yamo kwenye jeni, na kila mtu wa kawaida ana kopi nne za jeni hiyo: mbili zimekaa pamoja kwenye kromosomu aliyopewa na mama, na mbili kwenye ile aliyopewa na baba. Zifikirie kama mafundi wanne katika nyumba mbili, wawili kila nyumba.

Katika talasemia ya alfa, kipande cha kromosomu kimekatika na fundi mmoja au zaidi hayupo. Kwenye karatasi ya maabara, kopi inayofanya kazi huandikwa α, na iliyokatika huandikwa kwa kistari. Mtu aliyekamilika huandikwa αα/αα. Ukihesabu α zilizobaki, unaweza kukisia damu itakavyokuwa:

- Zimebaki 3 (-α/αα): Mtu ni mzima. Damu iko kawaida au chini kidogo sana, na wengi hawajui kabisa.
- Zimebaki 2 (-α/-α au --/αα): Chembe za damu ni ndogo, na damu hupungua kidogo. Mtoto hukua, hucheza na husoma kama wengine. Hahitaji matibabu kwa hali hii.
- Imebaki 1 (--/-α): Huu ni ugonjwa wa himoglobini H. Nyuzi za beta hukosa wenzao, zinajikusanya zenyewe, na chembe huvunjika mapema. Himoglobini mara nyingi huwa kati ya gramu 7 na 10. Macho yanaweza kuwa ya manjano na bandama kuvimba. Damu hushuka zaidi mtu akipata homa, na wengine huhitaji kuongezewa damu.
- Hakuna hata 1 (--/--): Mtoto huvimba akiwa tumboni, na kwa kawaida hufariki kabla ya kuzaliwa au muda mfupi baadaye, isipokuwa apewe damu akiwa bado tumboni. Mama naye anaweza kupata shinikizo la damu la hatari.

Tusome majibu ya mtoto mmoja

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 4 aliyezaliwa kambini Nyarugusu. Himoglobini yake ni 10.6, wakati kwa umri wake inatakiwa angalau 11. Mstari ulioandikwa MCV, yaani ukubwa wa chembe, unaonyesha 66, wakati inatarajiwa 75 au zaidi. Daktari anaona chembe ndogo, na jambo la kwanza linalomjia ni upungufu wa chuma. Anampa dawa.

Kama tatizo lingekuwa chuma, himoglobini ingepanda kwa gramu 1 hivi ndani ya mwezi. Baada ya mwezi ni 10.7. Hapo daktari anarudi kwenye karatasi na kuona dalili mbili. Kwanza, idadi ya chembe nyekundu ni milioni 5.3, ambayo ni nyingi. Mwili usio na chuma hushindwa kutengeneza chembe za kutosha, lakini mwenye talasemia hutengeneza nyingi zilizo ndogo. Pili, feritini, ambayo ni akiba ya chuma mwilini, iko kawaida. Anasimamisha dawa na kuagiza kipimo cha jeni. Jibu ni -α/-α. Kopi mbili zinafanya kazi, na 10.6 ndiyo kawaida ya mtoto huyu.

Angalia mitego miwili hapa. Kipimo cha kuchambua aina za himoglobini, kile kinachoonyesha selimundu, kinaweza kutoka safi kabisa kwa mtu mwenye kopi mbili au tatu, kwa hiyo hakiondoi talasemia ya alfa. Pia feritini hupanda mtoto akiwa na homa na kuficha upungufu wa kweli. Ni vizuri ipimwe akiwa mzima, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na yote mawili, talasemia na ukosefu wa chuma.

Mtoto aliyezaliwa hapa huchomwa kisigino siku za kwanza. Ukipata barua yenye jina Hemoglobin Bart's, maana yake ni kwamba alfa imepungua. Itunze barua hiyo, kwani alama hiyo hupotea baada ya miezi michache.

Nyumba ipi imepoteza mafundi?

Idadi hueleza hali ya mtu mwenyewe. Kwa watoto atakaowazaa, mpangilio ndio muhimu. Katika Afrika kusini mwa Sahara, karibu kila mara hukatika kopi moja tu katika kila kromosomu. Hali hii imeenea kwa sababu inamkinga mtoto asipate malaria kali. Utafiti uliofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, umeonyesha hivyo.

Tuseme mama wa mvulana wetu ni -α/-α na baba ni -α/αα. Mama atatoa -α daima. Baba atatoa -α au αα. Watoto wao watakuwa na kopi 2 au 3, kamwe si 1. Ndiyo maana ugonjwa wa himoglobini H ni nadra kwetu.

Lakini katika Asia ya Kusini-Mashariki na baadhi ya nchi za Mediterania, nyumba moja inaweza kukosa mafundi wote wawili: --/αα. Mtu huyo naye ana kopi 2, na karatasi yake ya damu inafanana na ya mvulana wetu. Mvulana akikua na kuoa binti wa aina hiyo, kila mimba ina nusu ya uwezekano wa kupata --/-α, yaani kopi 1 tu. Kwa hiyo wenzi wote wawili wapime jeni kabla ya mimba au mapema katika mimba.

Ukienda kliniki

Hesabu ya kopi hutabiri vizuri pale jeni zilipokatika. Wakati mwingine jeni ipo lakini imeharibika, na ugonjwa huwa mkali kuliko hesabu. Damu ya mtoto ikiwa chini ya 10, au macho yakiwa ya manjano, usiridhike na jibu la "kopi mbili"; omba uchunguzi zaidi.

Usisimamishe dawa ya chuma mwenyewe. Mwambie mkalimani amwulize daktari: "Feritini yake ni ngapi? Kama chuma kipo, je, anaweza kupimwa jeni ya alfa?" Jibu likipatikana, liandikwe kwenye faili lake na nakala uweke nyumbani, ili daktari mwingine asimwanzishie tena dawa ya chuma bila sababu.